Kurekodi kwaya ukumbini: kinasa peke yake, jozi ya ORTF, jozi ya omni, au laini ya mikisa?

Chukua hali hii. Kwaya ya watu 36 imejipanga safu 3 mbele ya ukumbi wenye paa la bati na sakafu ya terazo. Upana wao, kutoka soprano wa pembeni hadi besi wa pembeni, ni kama mita 7. Mwalimu amesimama mbele yao, kinanda kinapita kwenye spika za ukumbi, na mwimbaji wa solo ana maiki yake mkononi. Wewe una kinasa sauti kidogo cha aina ya Zoom H5 au Tascam DR-40X, stendi moja ndefu, na pengine maiki 2 za kuazima. Ufanyeje?

Watu wengi huanza kwa kuuliza maiki ipi ni bora. Mimi ningeuliza kwanza stendi itasimama wapi, na kama itaachwa hapo mpaka mwisho. Jibu la swali hilo huamua mengi kuliko jina lililoandikwa kwenye maiki. Njia nne ninazozilinganisha hapa zinatofautiana hasa kwa umbali ambao kila moja inataka kukaa na kwaya.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni *mahali pa stendi*. Kwenye kumbi zetu watu hawakai tu na kusikiliza. Wimbo ukikolea, watu hutoka kwenye viti na kwenda mbele kutuza, na anayekwenda akicheza na noti yake mkononi haangalii waya uliolala chini. Kwaya yenyewe nayo hupiga hatua, husogea mbele na kurudi. Njia inayohitaji stendi mbili katikati ya njia hiyo ina hatari ambayo njia ya stendi moja haina.

Cha pili ni *uwiano wa safu*. Maiki haina huruma kwa aliye nyuma: umbali ukiwa mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja hupungua desibeli 6. Hivyo alto wawili wa safu ya mbele wanaweza kusikika kama ndio kwaya nzima.

Cha tatu ni *mwangwi na kelele*: bati, feni, jenereta iliyo nje ya dirisha, watoto, na vigelegele.

Cha nne ni *rekodi ikichezwa kwenye simu*. Wengi watakaoisikia watakuwa wametumiwa WhatsApp na wataicheza kwenye spika moja ya simu. Hapo chaneli ya kushoto na ya kulia huchanganywa kuwa mono, na si kila njia inavumilia kuchanganywa huko.

Bei nimeiacha makusudi. Maiki za kuazima na kinasa cha rafiki hufanya kazi sawasawa na za kununua.

Urefu kwanza, kwa njia zote

Kabla ya kuchagua chochote, panda juu. Tuseme maiki iko mita 1.5 mbele ya safu ya kwanza, na safu ya tatu iko mita 2 nyuma ya hiyo ya kwanza. Maiki ikiwa usawa wa vichwa, safu ya mbele iko mita 1.5 na ya nyuma mita 3.5. Tofauti hiyo inawapa wa mbele nguvu ya ziada ya desibeli 7 hivi, na sikio lolote litaikamata. Ukiiinua maiki mita 2 juu ya vichwa bila kuisogeza, umbali wa mbele unakuwa mita 2.5 na wa nyuma mita 4, na tofauti inashuka hadi desibeli 4. Isitoshe, sauti ya nyuma sasa inapita juu ya vichwa vya walio mbele badala ya kugonga visogo vyao.

Kwa hiyo stendi inayofika mita 3.5 ina faida kuliko kubadilisha maiki. Ukiwa na stendi fupi tu, omba safu ya nyuma isimame juu ya mabenchi imara. Elekeza maiki kwenye nyuso za safu ya nyuma. Wa mbele watasikika tu, wala hawahitaji kuelekezewa. Miguu ya stendi iwekee mfuko wa mchanga, kwa sababu stendi iliyonyooshwa mpaka mwisho huanguka kwa kuguswa tu.

Njia ya kwanza: kinasa chenyewe juu ya stendi

Vinasa vingi vya aina hii vina maiki 2 ndogo kichwani zilizopishana kwa pembe ya nyuzi 90. Mpangilio huo huitwa XY.

*Mahali pa stendi.* Hapa njia hii haina mpinzani. Stendi ni moja, hakuna waya, hakuna umeme wa kupeleka kwenye maiki. Unaweza kuisimamisha nyuma ya mwalimu, na watu wanaotuza wakazunguka. Kasoro yake ni kwamba kinasa kikishapanda mita 3.5 huoni tena kioo chake wala hufikii kitufe. Unabonyeza kurekodi chini, unapandisha, na unaomba Mungu. Vinasa vingine vina rimoti ya waya, na kwa kazi hii inafaa kuitafuta.

*Uwiano wa safu.* Ni wa wastani. Tatizo lake hasa liko kwenye upana. XY ya nyuzi 90 imetengenezwa kupokea eneo pana sana, karibu nusu duara. Ukisimama mita 3 kutoka kwa kwaya yetu ya mita 7, kwaya inajaza nusu tu ya eneo hilo, na ukisikiliza kwa hedifoni inaonekana imerundikana katikati. Ukisogea mita 1.5 ili ipanuke, waimbaji wa katikati wanapata nguvu kuliko wa pembeni. Lazima uchague kimoja. Mimi ningechagua kubaki mita 2.5 na kuukubali wembamba, kwa kuwa uwiano mbaya haurekebishiki baadaye.

*Mwangwi na kelele.* Maiki hizi husikia mbele zaidi kuliko nyuma, kwa hiyo hadhira hupungua kidogo. Ila kinasa kimeshikamana na stendi moja kwa moja, na kila anayekanyaga jukwaa la mbao husikika kama mlango unaogongwa. Weka kipande cha sponji nene au kishikio cha mpira kati ya kinasa na stendi.

*Kwenye simu.* Bora kuliko zote. Maiki ziko mahali pamoja, sauti inazifikia kwa wakati mmoja, na ukichanganya kuwa mono hakuna kinachopotea.

Inamfaa anayerekodi peke yake, anayepewa dakika chache za kupanga, au ambaye rekodi yake ni ya mazoezi na ya kutumiana kwenye kundi la kwaya.

Njia ya pili: jozi ya maiki za kadioidi, mtindo wa ORTF

Kadioidi ni maiki inayosikia mbele vizuri, pembeni kiasi, na nyuma karibu haisikii kabisa. Ukichukua 2 za kondensa zinazofanana, ukaziweka kwenye ubao mmoja, vichwa vikiachana sentimita 17 na kutazama nje kwa pembe ya nyuzi 110, umepata mpangilio uliopewa jina la shirika la utangazaji la Ufaransa la miaka ya 1960. Sentimita 17 ni karibu na nafasi kati ya masikio mawili ya mtu, na ndiyo maana kwa hedifoni mpangilio huu husikika wa kweli.

*Mahali pa stendi.* Stendi ni moja, na ubao mfupi juu yake. Waya 2 zinashuka hadi kwenye kinasa, ambacho sasa kiko mkononi mwako ukikitazama. Hilo pekee lina thamani kubwa. Eneo linalopokewa vizuri ni nyuzi 96 hivi, na kwa kwaya ya mita 7 hesabu inaangukia mita 3 kutoka safu ya kwanza. Hapo soprano wa pembeni anasikika kushoto kabisa, besi wa pembeni kulia kabisa, na waliobaki wanajaza katikati. Shida ni kwamba mita 3 mbele ya kwaya ndipo penye njia ya watuzaji. Zungumza na mshereheshaji mapema apitishe watu pembeni, na waya uubane sakafuni kwa gundi ya karatasi mpaka ukutani.

*Uwiano wa safu.* Mzuri. Kwa umbali wa mita 3 na urefu wa mita 2 juu ya vichwa, tofauti kati ya aliye katikati mbele na aliye pembeni kabisa ya safu hiyohiyo ni kama desibeli 3. Ni tofauti unayoweza kuishi nayo.

*Mwangwi na kelele.* Hapa ndipo kadioidi inapolipa. Vigelegele vya mama aliye mstari wa kwanza wa hadhira vinatoka nyuma ya maiki, upande ambao hazisikii. Havipotei kabisa, kwa sababu vinagonga ukuta wa mbele na kurudi, lakini vinabaki kuwa sehemu ya tukio badala ya kupasua rekodi. Spika za ukumbi pia zikae nyuma ya mstari wa maiki zikitazama hadhira, siyo ubavuni mwa kwaya.

Angalizo moja kuhusu sauti ya chini: kadioidi ikiwa mbali hupoteza kidogo uzito wa besi. Ukiwasha na kichujio cha sauti za chini kwa sababu ya feni, utawamaliza. Noti ya chini kabisa ambayo besi wengi huandikiwa ni E, yenye herzi 82. Kichujio kikiwa herzi 80 kinaanza kumgusa. Kikiwa juu ya hapo kinamkata. Afadhali uombe feni izimwe wakati wa nyimbo.

*Kwenye simu.* Nzuri. Sauti ya pembeni hufika kwenye maiki moja mapema kidogo kuliko nyingine, lakini tofauti ni ndogo na wachache wataigundua.

Inamfaa mwenye ukumbi wa bati au wa zege usio na dari, hadhira yenye bashasha, na nusu saa ya kupanga vyombo kabla watu hawajaingia.

Njia ya tatu: jozi ya maiki za omni, zikiachana sentimita 50

Omni husikia pande zote sawa. Ukiweka 2 sambamba zikiachana sentimita 40 hadi 60, stereo inapatikana kwa tofauti ya muda peke yake.

*Mahali pa stendi.* Kwa kuwa omni inapokea ukumbi wote, lazima isogee karibu ili kwaya isizame. Kanuni ya kazi ni kwamba kadioidi inaweza kukaa mbali mara 1.7 kuliko omni kwa kiasi kilekile cha mwangwi. Mita 3 za ORTF zinakuwa mita 1.8 kwa omni, yaani karibu kabisa na mgongo wa mwalimu, tena juu ya kichwa chake. Mwalimu anayeimbisha kwa mikono mirefu aulizwe kwanza. Pia kwaya inayopiga hatua kuja mbele itafika chini ya maiki katikati ya wimbo.

*Uwiano wa safu.* Ukaribu unaumiza pembeni. Dawa yake ni kupinda safu ziwe kama upinde kuzunguka maiki, na kwaya nyingi hukubali hilo bila shida. Wakipinda vizuri, uwiano unakuwa mzuri kuliko njia zote.

*Mwangwi na kelele.* Kila kitu kinaingia. Kwenye ukumbi wa bati wenye jenereta nje, omni ni adhabu. Lakini kwenye jengo la mawe lenye dari ndefu na utulivu, kama Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, lenye kuta za mawe ya matumbawe, mwangwi ndio unaotafutwa. Hapo omni hutoa besi zenye mwili mzima na hewa ya jengo ambayo kadioidi haiwezi kuifikia. Nikipewa jengo kama hilo asubuhi, bila hadhira, sitafikiria mara mbili.

*Kwenye simu.* Dhaifu kuliko zote nne. Sauti ya mwimbaji wa pembeni inatembea kama sentimita 38 zaidi kufika kwenye maiki ya pili. Ukichanganya chaneli hizo mbili kuwa moja, sauti zake zilizo karibu na herzi 450 zinafutana, na hapo ni katikati kabisa ya eneo la alto. Utasikia rangi ya mtu huyo ikiwa nyembamba, kana kwamba anaimbia kwenye kopo. Tiba ni rahisi: kwa nakala ya simu usichanganye, tuma chaneli moja tu, ya kushoto au ya kulia, iliyo na uwiano mzuri zaidi. Omni moja peke yake ni mono safi kabisa.

Inamfaa mwenye jengo zuri na muda wa kuwapanga waimbaji, anayetaka rekodi ya kusikilizwa kwa hedifoni au spika kubwa.

Njia ya nne: laini kutoka kwenye mikisa

*Mahali pa stendi.* Hakuna stendi. Waya unatoka kwa fundi mitambo hadi kwenye kinasa chako. Tumia tundu la jeki kubwa, siyo la XLR, zima kwenye tundu hilo umeme wa volti 48 ambao hulisha maiki za kondensa, na washa PAD, swichi ya kupunguza nguvu ya sauti inayoingia, kama kinasa kinayo. Mikisa inatoa sauti yenye nguvu nyingi kuliko maiki; ikiingia kwenye tundu la maiki itapasuka hata geini, yaani kiwango cha kukuza sauti inayoingia, ikiwa chini kabisa.

*Uwiano wa safu.* Kimsingi haupo. Fundi huongeza kwenye mikisa kile ambacho ukumbi haukisikii vizuri, basi. Solo na kinanda vitakuwa wazi kabisa, na kwaya ya watu 36 itakuwa mbali kama iko chumba cha pili, kwa sababu inasikika yenyewe na haihitaji kupandishwa. Ukiwa na maiki 3 au 4 mbele ya kwaya zinazoingia mikisani hali inakuwa afadhali, mradi nafasi kati ya maiki na maiki iwe angalau mara 3 ya umbali wa maiki kutoka kwa waimbaji wake.

*Mwangwi na kelele.* Safi mno, karibu kavu.

*Kwenye simu.* Maneno ya solo yatasikika vizuri kuliko njia nyingine yoyote.

Inamfaa anayerekodi solo yenye kwaya ya kuitikia, au mahubiri. Kwa kwaya yenyewe naiona ni nyongeza. Vinasa nilivyovitaja juu vinarekodi traki 4 kwa pamoja, hivyo kinasa kinaweza kupokea kwaya kwa maiki zake za kichwani na laini ya mikisa kwenye matundu. Kazi inayobaki ni kulinganisha muda. Laini inafika papo hapo, lakini sauti hewani hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Mwombe mwenye solo apige kofi moja mbele ya maiki yake kabla ya wimbo wa kwanza. Baadaye kwenye kompyuta utaona makofi mawili yakiachana, na utachelewesha laini mpaka yakutane.

Mipangilio isiyobadilika kwa njia yoyote

Rekodi WAV, biti 24, kiloherzi 48. Saa moja ya stereo ni kama gigabaiti 1, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inatosha siku nzima. Zima kabisa kitu kinachoitwa Auto Level au Auto Gain: kikisikia kwaya imenyamaza kinapandisha feni, na kikisikia korasi kinaishusha korasi. Wakati wa mazoezi waombe waimbe kipande chenye nguvu kuliko vyote, siyo ubeti wa kwanza, na weka geini ili kilele kifike -12 kwenye kioo. Mbele ya watu wataimba kwa nguvu zaidi, na nafasi hiyo ya juu ndiyo itakayokuokoa.

Maiki za kondensa zinahitaji volti 48, na hiyo hula betri haraka. Tumia pawabenki badala ya chaja ya ukutani, maana chaja nyingine huleta mvumo wa herzi 50, na umeme ukikatika rekodi inakufa nao. Na usishawishike kutumia maiki za mkononi za mwimbaji, kama SM58, kwa kunasa kwaya kutoka mita 3. Zimetengenezwa kwa mdomo ulio karibu. Ukiwa mbali utalazimika kupandisha geini mpaka kinasa chenyewe kianze kuvuma shii.

Ukiwa na hali gani, uchague ipi

Ukiwa peke yako, umeingia pamoja na hadhira, na hujui watu watapita wapi: kinasa juu ya stendi, nyuma ya mwalimu, mita 2.5, juu kadiri stendi inavyoruhusu.

Ukumbi ukiwa ule wa mfano wetu, bati na terazo, kwaya ya mita 7, watu wa kutuza na kupiga vigelegele, na maiki 2 za kadioidi zipo: ORTF kwa mita 3. Solo akiwa na maneno mengi, mwombe fundi laini yake pia. Kinasa cha matundu 2 hakitoshi maiki 2 na laini kwa pamoja. Hapo ama ubaki na XY ya kinasa pamoja na laini, au utafute chenye matundu 4 kama Zoom H6.

Jengo likiwa la mawe, kimya, na mwalimu yuko tayari kupinda safu: omni, mita 1.8.

Maiki za kuazima zikiwa moja ni ya aina hii na nyingine ya aina ile, usizifanye jozi. Stereo ya maiki zisizofanana huvuta kwaya upande mmoja, na upande huo hubadilika kila noti inapopanda. Chukua iliyo bora kati yake, iweke katikati, rekodi mono.